Mama amelazwa Machakos, bima imelipiwa Manchester

Wakati wa baridi, saa sita usiku Manchester ni saa tisa usiku Machakos. Simu ikilia saa hizo, Mkenya anayeishi Uingereza hajiulizi sana kuna nini. Mgonjwa amezidiwa, amepelekwa hospitali ya kibinafsi kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, na mapokezi wanataka amana kabla hajapandishwa wodini. Pesa zinatumwa kwa simu, zinaingia M-Pesa ya ndugu, na baada ya siku mbili simu inalia tena.

Kwa hesabu ya Benki Kuu ya Kenya, mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5. Hakuna anayejua kwa hakika ni kiasi gani cha fedha hizo huishia hospitalini, lakini kampuni za bima za Nairobi zimekwishapiga hesabu yake. Ndiyo maana nyingi sasa zina mpango unaomlenga mtoto aliye ng'ambo: lipa mara moja kwa mwaka, mzazi wako atibiwe kwa kadi. Kununua mpango huo ni kazi ya jioni moja. Kazi inaanza mzazi anapougua, maana mkataba ni wa Kenya, mgonjwa yuko Kenya, na mjadala wa nani alipe nini unafanyika baina ya ofisi mbili ambazo mlipaji hajawahi kukanyaga.

Ili mambo yaonekane vizuri, tuchukue familia ya mfano. Mama ana miaka 66, ni mkulima nje ya mji wa Machakos, na kwa miaka minane ametumia dawa za presha. Binti yake anahudumia wazee katika nyumba ya malezi Manchester. Mdogo wake wa kiume anaishi karibu na mama na ana bodaboda. Binti ananunua bima inayogharamia matibabu ya kulazwa hadi shilingi milioni moja kwa mwaka. Kiasi kingine kidogo kimetengwa kwa kutibiwa na kurudi nyumbani.

Kikwazo cha kwanza ni umri. Mipango mingi ya kawaida haimpokei mtu mpya aliyevuka miaka 65, hata kama ingemhifadhi vizuri iwapo angejiunga akiwa na 60. Aliyechelewa huelekezwa kwenye mipango ya wazee, ambayo ada yake ni kubwa zaidi, na mara nyingi kampuni hutaka mama apimwe kwanza na daktari inayemwamini yenyewe. Binti asilichukie sharti hilo. Kipimo kilichofanywa mwanzoni humaliza mapema ubishi ambao ungezuka baadaye mgonjwa akiwa kitandani.

Baada ya umri inakuja fomu, na kwa maoni ya mwandishi huyu ukurasa wa maswali ya afya una uzito kuliko kurasa zote za mkataba. Unauliza kama mtu amewahi kutibiwa presha, kisukari, moyo, figo, saratani, na tangu lini. Binti anaijaza kwenye simu, akiwa kwenye basi, na anaijaza kwa niaba ya mtu mwingine. Kishawishi cha kujibu "hapana" ni kikubwa. Ajenti mwenye haraka ya kamisheni anaweza hata kumwambia kwamba presha ndogo haina haja ya kutajwa.

Jibu hilo hufichuka kwa njia rahisi kabisa. Mama akifikishwa hospitali, daktari humuuliza historia yake, naye mama hujibu bila kuficha: "Presha ninayo, daktari, tangu mwaka ule baba yao alipofariki." Daktari anaandika kwenye faili kwamba mgonjwa ana presha kwa miaka minane. Faili hilo ndilo kampuni inaloomba kusoma kabla ya kulipa. Ikiona miaka minane hapa na "hapana" kule kwenye fomu, ina haki ya kukataa dai kwa sababu ilifichwa jambo la msingi, na inaweza kuvunja mkataba wote. Wala si daktari aliyemponza mama. Alikuwa anamtibu.

Binti wa mfano wetu aliandika ukweli. Kampuni ilimkubali mama kwa masharti mawili yaliyozoeleka sokoni: presha na magonjwa yatokanayo nayo hayatalipiwa katika miezi 12 ya mwanzo, na baada ya hapo yatalipiwa kwa kiwango chake cha pembeni, tuseme shilingi laki tatu kwa mwaka, si milioni nzima. Magonjwa mengine yana kipindi cha kusubiri cha siku 30 hivi. Ajali hazina kusubiri. Kwa kawaida hulipiwa tangu siku ya kwanza.

Siku ya kwanza yenyewe huhesabiwa vipi? Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima ya Kenya kinasema kampuni haibebi hatari yoyote kabla haijapokea ada. Ahadi kwamba "pesa ziko njiani" haina maana. Ndiyo sababu ada inafaa kutumwa moja kwa moja kwenye akaunti au Paybill ya kampuni, na risiti itolewe na kampuni hiyo. Aliyemtumia ajenti kwenye namba yake ya kawaida ya M-Pesa amemkopesha ajenti, hajanunua bima. Mamlaka ya Kudhibiti Bima, yaani IRA, huchapisha orodha ya kampuni na mawakala wenye leseni, na kuisoma hakumgharimu mtu chochote hata akiwa Toronto au Doha.

Kuna safu nyingine ambayo walio nje huisahau, nayo ni bima ya serikali. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF ya zamani. Ukiwa na mzazi Kenya, hutaweza kumweka chini ya jina lako kama ulivyomweka mtoto, kwa kuwa wategemezi wanaotambuliwa ni mume au mke na watoto. Mama anajisajili mwenyewe, kwa kupiga *147# au mtandaoni, kisha anaulizwa maswali ya kupima uwezo wa kaya: paa ni la nini, choo ni cha aina gani, wanapikia nini, wana mifugo mingapi. Majibu yanatoa mchango wake wa mwaka, ambao kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hutakiwa kuulipa wa mwaka mzima kwa mkupuo. Binti anaweza kuulipa akiwa Manchester. Kinachotakiwa ni namba ya kitambulisho cha mama.

Kwa nini asumbuke na SHA ilhali ana bima ya kibinafsi ya milioni moja? Kwa sababu kampuni nyingi za Kenya hulipa kinachobaki baada ya SHA kutoa sehemu yake. Utaratibu huo ulikuwepo tangu enzi za NHIF. Kama mama hakusajiliwa, au mchango wake umekwisha muda, kampuni bado huitoa sehemu hiyo kwenye hesabu yake kana kwamba SHA imelipa, na pengo linaangukia familia. Familia nyingi hukutana na sharti hili kwa mara ya kwanza siku ya kutoka hospitali, kwenye mstari mmoja wa bili.

Sasa mama anaugua. Ni mwezi wa tano tangu bima ianze. Anateleza akitoka kuchota maji, anavunjika nyonga. Mdogo mtu anampeleka hospitali ya kibinafsi mjini, iliyo kwenye orodha ya hospitali za kampuni. Hilo la orodha ni la kuangaliwa siku ya kununua bima, kwa kuwa mpango unaojivunia hospitali kubwa za Nairobi unaweza kuwa na hospitali moja tu katika kaunti nzima ya mzazi wako.

Hospitali ina dawati la bima. Karani anachukua kadi ya mama na kitambulisho chake, kisha anataka kuthibitisha kwamba huyu ndiye mwanachama. Hapa ndipo umbali unapouma kwa mara ya kwanza. Uthibitisho hufanywa kwa alama ya kidole au kwa tarakimu zinazotumwa kwenye simu iliyosajiliwa. Vidole vya mama vimelima miaka arobaini na mistari yake imefutika. Mashine inakataa kidole gumba, inakataa cha shahada. "Mama, jaribu kingine," anasema karani, na kinakataa pia. Zinabaki tarakimu, nazo zinatumwa kwenye namba ya binti, kwa sababu ndiye aliyejaza fomu na akaweka namba yake mwenyewe ya Uingereza. Binti yuko kazini, simu iko kabatini. Tarakimu zina dakika chache kabla hazijaisha nguvu.

Dawa yake ni kuandikisha namba ya mama au ya yule atakayekuwa naye hospitalini, iwe ya laini ya Kenya inayopokea ujumbe, na ya binti iwe ya pili. Vidole visiposomeka, ombi la kutambuliwa kwa njia nyingine lipelekwe kwa kampuni mapema, mama akiwa mzima.

Mama akishatambuliwa, dawati la bima linaijazia kampuni ombi la idhini ya awali: mgonjwa ana nini, daktari anapendekeza nini, inakadiriwa kugharimu kiasi gani. Kampuni ikiridhika inatoa barua ya dhamana, kwamba italipa gharama za tatizo lililotajwa hadi kiasi fulani. Kwa upasuaji uliopangwa, jibu linaweza kuchukua siku moja au zaidi. Kwa dharura, hospitali inapaswa kuanza matibabu na kuiarifu kampuni ndani ya muda uliowekwa kwenye mkataba, ambao mara nyingi ni saa 24 au 48. Atakayelala bila kuhakikisha kwamba taarifa imekwenda anaweza kuamka na dai lililokataliwa kwa kuchelewa.

Katika mfano wetu barua ya kwanza inatoka kwa shilingi laki tatu. Binti anaishiwa nguvu, akidhani bima imeamua kulipa nusu. Sivyo. Barua ya kwanza ni kianzio. Bili ikikaribia kiasi hicho, hospitali inaomba nyongeza. Ubaya ni pale karani wa zamu anaposahau kuomba, daktari anaandika kwamba mama aende nyumbani Ijumaa mchana, na ofisi inayotoa nyongeza inafunguliwa Jumatatu. Mama analala siku tatu zaidi kwa sababu ya karatasi, na siku hizo tatu zinaingia kwenye bili. Mtu wa nyumbani anayepita dawati la bima kila siku kuuliza "bili imefika wapi, na dhamana ni kiasi gani?" anaweza kuzuia jambo hilo. Binti hawezi kuuliza swali hilo kwa simu akajibiwa, isipokuwa awe amejitayarisha.

Kujitayarisha huko ni kwa maandishi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, habari za afya ni miongoni mwa habari nyeti. Kulipa ada hakumpi binti haki ya kuambiwa mama ana nini. Karani anayemjibu "samahani, dada, siwezi kukueleza" hamfanyii ujeuri. Mama anatakiwa awe amesaini, wakati wa kujiunga, kwamba kampuni na hospitali zinaweza kuzungumza na binti yake na mwanawe kuhusu matibabu na madai yake, majina yao na namba zao zikiwa zimeandikwa. Kampuni nyingine zina nafasi hiyo kwenye fomu. Pasipo na nafasi, barua fupi yenye saini inafaa.

Bili ya mwisho inakuja shilingi 640,000. Tuseme SHA inabeba 110,000. Kampuni inakubali 500,000. Zinabaki 30,000, nazo zina maelezo: fremu ya kutembelea, ambayo mikataba mingi huihesabu kuwa kifaa cha nje na hukilipii, nepi, chakula cha aliyemlinda mama usiku, na tofauti kati ya alichotoza daktari wa upasuaji na kiwango ambacho kampuni imekubaliana na madaktari. Binti anatuma 30,000. Milioni ya mwaka sasa imebaki laki tano.

Tuigeuze siku hiyo. Mama hakuteleza, alipatwa na kiharusi, mwezi ule ule wa tano. Hospitali ni ile ile, dawati ni lile lile, lakini kampuni inasoma ombi na kujibu kwamba kiharusi kimetokana na presha, na presha bado iko kwenye miezi 12 ya kusubiri. Barua ya dhamana haitoki. Familia inabaki na kile SHA inacholipa, na uamuzi wa kumhamishia mama hospitali ya umma unafanywa usiku huo, si baada ya wiki bili ikiwa imekwishafika laki nne. Kwa familia ambayo ingeficha presha, matokeo ya dai ni yale yale, ila ingeyajua ikiwa imechelewa.

Njia ya pili ya kulipwa ni kurudishiwa fedha. Inatumika mama anapotibiwa nje ya orodha, au mtandao wa hospitali unapokuwa umelala siku hiyo na familia inalazimika kulipa taslimu. Karatasi zinazotakiwa ni zile zile karibu kila mahali: fomu ya madai iliyojazwa na kupigwa muhuri na daktari, bili inayotaja kila kitu na bei yake, risiti halisi, karatasi ya dawa, majibu ya maabara, na muhtasari wa kutoka kama alilazwa. Risiti iliyoandikwa "matibabu, 18,500" na kuishia hapo itarudishwa. Kubwa zaidi, muda unahesabiwa tangu siku ya matibabu, mara nyingi siku 60 au 90, na bahasha inayongoja binti aje likizo ya Desemba huenda ikafika imekufa. Mdogo mtu anapiga picha za karatasi zote kabla hazijatoka mikononi mwake, anampelekea dada, kisha anazipeleka zile halisi na kudai nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Fedha zikirudi, zinarudi kwa shilingi, kwenye akaunti ya Kenya au M-Pesa, kwa jina lililo kwenye mkataba. Kama mkataba uko kwa jina la binti na binti hana tena akaunti Kenya, hundi inaweza kukaa miezi. Pia kiasi hakitalingana na risiti kila mara: kampuni hulipa kwa bei ambayo ingelipa hospitali iliyo kwenye orodha yake, na tofauti inabaki kuwa ya mgonjwa.

Dai likikataliwa, jambo la kwanza ni kutaka sababu kwa maandishi, ikitaja kifungu cha mkataba. Jibu la simu halina pa kupelekwa. Kukataliwa kwingi hutokana na maneno ya daktari yaliyoandikwa kwa haraka, na barua yake ya kufafanua, kwa mfano kwamba nyonga ilivunjika kwa kuanguka na haikuhusiana na kizunguzungu cha presha, inaweza kuligeuza dai lote. Kampuni ikishikilia msimamo, malalamiko hupelekwa IRA, na hayahitaji mtu kusafiri. Mwenye mzazi Tanzania anasimamiwa na TIRA, na huko kuna pia ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Familia ya Machakos ilipofika mwezi wa kumi na moja ilipata ilani ya kuhuisha mkataba. Ada ilikuwa imepanda, kwa sababu ya umri na ile nyonga. Kampuni nyingine ilimpigia binti simu ikimpa bei nafuu zaidi. Angehama, mama angeanza upya miezi 12 ya presha, akiwa na miaka 67, pengine kwa vipimo vipya. Alibaki, akalipa wiki mbili kabla ya tarehe kwa kuhofia fedha kukwama benki, akahuisha na mchango wa SHA siku hiyo hiyo. Mwezi wa kumi na tatu mdogo mtu alimpeleka mama kliniki ya presha, na kwa mara ya kwanza dawa zake zikatolewa kwa kadi, zikikatwa kwenye zile laki tatu.